Boya Lililotoka Mwaloni

Ninyi vijana mnaojenga siku hizi, mnaopandisha tenki juu kabla choo hakijapata mlango, someni haya taratibu. Siwafundishi ufundi bomba. Mimi niliishia darasa la nne, na mambo ya bomba nimeyajua kwa kuyaona. Nawaeleza jinsi maji yalivyomtoa mume wangu katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Yalimtoa kiangazi, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kudanganya mtu.

Tunakaa Kagongwa. Kiwanja chetu kina nyumba mbili. Ya nyuma ni ya tofali mbichi. Mume wangu aliifyatulia tofali mwenyewe tukiwa bado na nguvu, udongo tukiukanyaga pamoja kwa miguu. Ya mbele ni ya bloku, ameijenga mwanangu kwa kazi yake ya dhahabu huko Geita. Katikati pana jiko lenye dari la zege, na jiko hilo limegusana na nyumba ya zamani ubavu kwa ubavu.

Mume wangu alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ulikufa na maneno yakaondoka. Yalibaki machache tu, yote ya Kisukuma. Mwanangu alitaka tumhamishie nyumba ya bloku, penye sakafu na feni. Mzee alikuwa akiupiga ukuta kwa mkono wake mzima na kusema, "Kaya." Yaani nyumbani. Ukimshika kumwinua alikamata chuma cha kitanda hadi vidole vinakuwa vyeupe. Nikamwambia mwanangu, "Mwache baba yako. Atatoka humo Mungu akimtoa." Basi akabaki nyumba ya nyuma, na mimi nikabaki naye.

Maji ya ziwa yalipofika kwetu, watu walifurahi kama harusi. Sisi tumekua tukifukua mchanga wa mto mkavu kwa bakuli, unangoja shimo litoe jasho. Lakini maji ya bomba nayo yana tabia zake. Mchana yanapanda kwa kusuasua, kama mgonjwa anayepanda ngazi. Usiku watu wakifunga koki zao, yanakuja kwa nguvu hadi bomba linatetemeka. Bila tenki unabaki kulinda ndoo.

Ndipo mwanangu akaja kutoka Geita na tenki jeusi juu ya gari. Akaliweka juu ya dari la jiko. Mfukoni alikuwa na koki ya boya, ile ambayo madukani wanaiita floti: koki yenye mkono wa chuma na mpira mwishoni. Maji yakipanda tenkini, mpira unaelea, mkono unanyanyuka, koki inajifunga. Yake ilikuwa ya shaba, nene, mdomo mpana kama wa chupa ya chai.

"Mama, hii siyo floti ya dukani," akasema. "Hii nimeing'oa mwaloni. Inajaza pipa hujamaliza kusalimiana."

"Nani kakwambia nina haraka?"

Mke wake, mkamwana wangu, akacheka. Yeye anakaa nami, anachoma maandazi na kuwauzia madereva wa malori yaendayo Isaka. Ulimi wake haujui kulala. "Mama, mwache," akasema. "Huyu akipewa mtoto kumwogesha atamtia kwenye karai la mchanga atafute dhahabu."

Mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu uliosagwa. Maji yanawekwa kwenye pipa juu ya miti, yanateremka kwenye pipa lingine chini, na kwenye pipa la chini ndipo floti ile ilipokuwa ikifanya kazi. Maji ya namna hiyo hayana nguvu. Yanaanguka tu kimo cha mtu. Kwa hiyo wanataka koki yenye mdomo mpana ili pipa lisichelewe. Mwanangu aliiona ikifanya kazi kila siku bila kushindwa, akaiamini kama mtu anavyomwamini ng'ombe wa maksai aliyemlimia baba yake.

Akaifunga tenkini. Mkono wa floti akaukunja uelekee juu, ili maji yapande mpaka karibu na mfuniko. "Tenki lijae lote," akasema. "Tumelilipia lote." Ubavuni mwa tenki kuna tundu la bomba la kumwagia, la kutolea maji yakizidi. Bomba hilo akalielekeza nyuma, kwenye uchochoro kati ya nyumba ya zamani na ua wa minyaa, pasipo na mtu. Alisema ni ili mbele pasiharibike, wageni wasikanyage tope.

Wakaijaribu mchana huohuo. Maji yakapanda kwa kusuasua kwake, tenki likajaa jioni, pakawa kimya, tukadhani floti imefunga. Akajifuta mikono. Kesho yake akarudi Geita.

Haikupita muda mume wangu akaanza kusema neno moja alfajiri. "Mbula."

Mbula ni mvua. Ilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa, vumbi la malori limefunika hata majani ya minyaa. Mimi masikio yangu yamechoka siku nyingi, sikusikia kitu. Nilifungua dirisha nikamwonyesha mbingu.

"Hakuna mbula, mzee. Tazama."

Akafumba macho. "Mbula," akasema tena.

Kesho hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mkamwana alipoleta uji aliuliza, "Baba leo anasemaje?"

"Mvua."

"Basi nitatoa jembe." Akamwinamia. "Baba, tulime mahindi au mtama?"

Mzee hakucheka. Alimtazama hivi, kama unavyomtazama mtu aliyekaa njiani na mzigo wako.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kumjulia hali, akamsikia. Akanivuta uani. "Kaka anaondoka," akasema. "Mtu mzima akisikia mvua kiangazi, wanaomwita ni wa zamani. Umeshazungumza na watu wa kuchimba?"

"Wachimbe nini? Mtu anakunywa uji bakuli zima."

"Wanakunywa sana wakikaribia," akasema, akaanza kulia. Nilimpa maandazi akalia huku anakula. Lakini aliponiacha, nilikaa na neno lake. Usiku nikawa namsikiliza mume wangu pumzi, na kila aliposema mbula nilimshika mkono tu. Nilidhani namsindikiza.

Kilichonitoa gizani ni kuku. Koo wangu mmoja alipotea kutaga, nikamfuata uchochoroni nyuma ya nyumba, mahali ambapo sikuwa nimepita tangu tenki liwekwe. Mguu ukazama. Tope la kiangazi, baridi, lenye ukoga wa kijani. Nikainua macho: bomba la kumwagia lilikuwa juu yangu, mdomo wake bado unadondosha. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, upande aliolala mzee, ulikuwa mweusi toka chini hadi kiunoni. Nikaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia kama kwenye ugali.

Kila usiku maji yalikuwa yakimwagika pale, na mchana jua la mbele linatudanganya kuwa kumekauka. Aliyeyasikia ni mmoja tu, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kwenye ukuta huo. Naye maneno aliyobakiwa nayo hayakuwa na bomba wala tenki. Yalikuwa na mbula.

Nikaingia ndani nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba ni kweli, inanyesha, nimeiona. Akageuza uso ukutani. Sikumlaumu.

Nilifunga koki iliyo kwenye mita, ile ya kuzuia maji yote yasiingie. Kisha mkamwana akampigia mume wake, akaweka simu kwa sauti.

"Floti yako inamwaga," nikamwambia.

"Mama, floti ile haijawahi kushindwa. Hapa inafanya kazi mchana na usiku."

"Hapo mwaloni maji yakizidi yanakwenda wapi?"

"Yanarudi bwawani."

"Huku yanarudi kwa baba yako."

Nilisikia kelele za karasha zao nyuma yake, zile mashine za kusaga mawe. Halafu akasema mwite fundi.

Fundi wa hapa mtaani alikuja, kijana mwenye maneno mengi na bisibisi nyuma ya sikio. "Shikamoo bibi. Tatizo dogo hili." Akapanda. Akasema mkono wa floti umekunjwa juu mno: maji yanafika kwenye tundu la kumwagia kabla boya halijanyanyuka vya kutosha kufunga. Na hilo lilikuwa kweli, nililiona mwenyewe aliponichorea kwa kijiti ardhini. Tundu liko chini, boya linangojea maji juu yake. Sasa maji yatalifikiaje na mlango uko njiani? Akaukunja mkono uelekee chini, taratibu, asiuvunje. Tukafungua koki, tukangoja. Maji ya mchana yakapanda, yakasimama mbali chini ya tundu.

"Bibi, lala usingizi," akasema.

"Nitalala ukuta ukikauka."

"Utakauka. Jua hili linakausha hata deni."

Mkamwana alikuwa amekaa bila maji ya kukandia unga, kwa hiyo koki tukaiacha wazi.

Alfajiri mume wangu akasema, "Mbula."

Safari hii sikumwonyesha mbingu. Nilitoka bila kanga ya kichwa. Uchochoroni maji yalikuwa yanashuka kama mkojo wa ng'ombe, na kwenye kona ya ukuta palikuwa na ufa ambao jana haukuwepo, kidole kinapita. Nikamwita mkamwana, akapanda ngazi na tochi, akafungua mfuniko.

"Mama, boya limezama," akasema. "Limezama lote, na maji bado yanaingia."

"Limetoboka?"

Akalitikisa. "Hapana, ni jepesi, linataka kupanda. Nikilisukuma juu kwa mkono maji yanakoma. Nikiliachia yanaanza. Kama vile kuna mtu ndani anasukuma mlango."

"Teremka. Funga koki."

Akafunga. Mimi nikarudi kuutazama ufa, na kabla jua halijatoka ulikuwa umekula tofali nyingine. Sikusubiri fundi wala mwana. Nilituma waitwe wanaume wawili, majirani zetu wapakiaji wa mizigo. Tukambeba mume wangu na kitanda chake, mimi nimeshika upande wa kichwa.

Mlangoni aliukamata mwimo kwa mkono wake mzima. Wale wanaume wakasimama. Mmoja akasema, "Mzee, achia, tutakuumiza." Hakuachia. Niliweka upande wangu chini, nikambandua vidole kimoja kimoja. Mkono uliofyatua tofali zile ulikuwa bado una nguvu kuliko nilivyodhani. Alisema, "Kaya," mara moja, si kwa ukali. Kisha tukapita.

Ukuta ulianguka mchana huohuo, tukiwa tunamlisha uji nyumba ya mbele. Haukutoa kishindo kikubwa. Ni kama gunia la mpunga lililotupwa toka kwenye lori. Bati za upande ule zikaning'inia, na ukiwa uani ukawa unaona ndani: alama ya kitanda udongoni, na kalenda ya zamani imebaki ukuta wa pili. Mkamwana aliacha kijiko ndani ya bakuli. Mume wangu alikuwa amesikia. Alimeza uji wake, kisha akafunga mdomo, hakutaka tena.

Mimi sikuwa na kazi ya kulia. Nyumba yote ilitumia maji, na koki haiwezi kufungwa maisha. Nikaifungua ile floti ya mwaloni kwa mkono wa fundi, nikaitia kwenye mfuko wa rambo, nikapanda gari hadi Nyasubi, kwenye duka la vifaa vya bomba. Fundi alinifuata bila kuitwa, kichwa chini.

Mwenye duka ni mtu mzima, asili yake pwani, kofia nyeupe na miwani ya kamba. Nilipoiweka ile floti juu ya meza hakuigusa kwanza.

"Mama, maji yako yanatoka wapi?"

"Bombani. Ya ziwa."

"Yanapitia tenki la chini kwanza, au yanapanda moja kwa moja toka mita?"

"Moja kwa moja."

"Usiku yanakujaje?"

"Kwa nguvu. Bomba linatetemeka."

Akaichukua, akachungulia mdomo wake. "Hii ni ya presha ndogo. Tundu pana. Maji laini yanapita haraka, na boya linaweza kuyazuia. Maji ya nguvu yakikuta tundu pana yanausukuma ulimi huu wa raba kwa upana wake wote. Boya halina ubavu wa kuubana. Mchana utaiona nzima."

"Mchana niliijaribu," fundi akasema.

"Mchana hata mimi ni kijana," mwenye duka akasema. "Usiku muulize mke wangu."

Fundi alicheka. Mimi sikucheka, akaona, akajikohoza. "Pole, mama. Una msiba?"

"Nina ukuta."

Akaniletea tatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki yote, mkono mwembamba. Nikaupinda kidogo ukarudi ulivyokuwa. Nikamwuliza kiwango nitakipangaje kwa mkono usiokubali kukunjika. Akasema ina skrubu ya kurekebishia, lakini maji ya kutetemeka yanailegeza, kwa kuwa nyuzi zake ni za plastiki. Nikaisogeza. Ya pili ilikuwa shaba, nzuri, ila ya presha ndogo kama ya mwanangu. Alinionyesha ili niijue. Ya tatu ilikuwa shaba, tundu lake dogo kama punje ya mtama, mkono mrefu, boya kubwa.

"Hii ndiyo ya presha kubwa," akasema. "Tundu dogo, maji yana mahali padogo pa kusukumia. Mkono mrefu na boya kubwa vinabana zaidi. Ila mchana itajaza polepole. Usije ukanirudishia."

"Nimefukua maji mtoni," nikamwambia. "Polepole naijua."

Nilitaka kuona boya halivuji. Akalizamisha kwenye ndoo, akalishikilia chini, hakukutoka povu. Nikalitikisa sikioni. Kimya. Nikachukua.

Nyumbani fundi akaifunga, akazungushia utepe mweupe kwenye nyuzi. Kabla ya kufungua maji nikampandisha mkamwana na kipande cha mkaa. Nikamwambia aweke vidole vinne vya mkono chini ya ukingo wa tundu la kumwagia, achore mstari hapo. Maji yasimame kwenye mstari, wala si juu yake.

"Vidole vyangu au vyako, Mama?" akauliza. Utani wake ulikuwa umeanza kurudi.

"Vyangu ni vinene. Tumia vyangu." Nikampimishia kwenye kijiti, akapanda nacho.

Fundi alilalamika kwamba tunaacha nafasi ya maji mengi bure. Nikamwonyesha bati zinazoning'inia. Akakunja mkono wa floti, tukangoja, maji yakapita mstari kidogo. Akakunja tena chini. Mara ya tatu yakasimama kwenye mkaa. Hapo nikamwambia asikusanye vyombo vyake, arudi asubuhi. Maji ya mchana hayatoi ushahidi.

Asubuhi uchochoro ulikuwa mkavu. Mkamwana akafungua mfuniko. Usiku maji yalikuwa yamepanda juu ya mstari upana wa kidole, kwa ile nguvu yake, yakasimama. Vidole vitatu vilibaki kabla ya tundu. Fundi akaweka mkono chini ya bomba la kumwagia, akaukuta mkavu, akaniangalia. Nikampa ruhusa aondoke.

Mwanangu alikuja siku iliyofuata. Hakuingia kwa baba yake kwanza. Alikwenda uchochoroni akasimama mbele ya lile pengo, mikono nyuma. Nilimwacha asimame. Baadaye akasema atajenga upya, kwa tofali za kuchoma, na msingi wa mawe.

"Jenga," nikasema.

"Baba atarudi humo."

"Muulize."

Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza baba yake kwa Kisukuma chake cha machimboni, kilichochanganyika na cha watu wengine. Mume wangu alimsikiliza hadi mwisho. Akanyanyua mkono mzima, akaugusa ukuta wa bloku uliopakwa rangi, akaupapasa kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko wa nguo isiyo yake. Kisha akaurudisha mkono kifuani. Hakusema kaya. Hakusema mbula. Tangu siku ile hajasema neno lolote, na uji anakula nusu.

Wifi yangu anasema alijua. Aseme. Mimi ninachojua ni kwamba mtu alituambia kila alfajiri, sisi tukatazama juu.

Jioni ya siku ile aliyokuja mwanangu nikawaita wote uani: yeye, mke wake, na wifi aliyekuwa amekuja kutoa pole. Nikawaambia bomba la kumwagia ling'olewe lilipo. Lisielekee nyuma wala pembeni. Lishushwe mbele, juu ya kizingiti cha mlango ninaotokea mimi alfajiri, kila mgeni alione, na akichukia achukie. Na siku mtakayoniona nimelowa pale mlangoni, mtu asinipe kanga. Akimbie kwanza kwenye mita, afunge koki.